Baka Lisilowasha Wala Kuuma

Kinachompeleka mtu zahanati mara nyingi ni maumivu au muwasho. Aliyekesha akijikuna hangoji wiki ya pili, na anayeumwa jino ataomba hata ruhusa kazini. Ukoma hauna kelele hizo. Unaanza na baka ambalo halimsumbui mwenyewe hata kidogo, haliwashi, haliumi, halitoi usaha, na kwa sababu hiyo anaweza kutembea nalo Chang'ombe nzima, huku Temeke, mwaka mmoja au miwili bila kumwonyesha mtu. Akija kushtuka, mara nyingi kilichomshtua ni jeraha au kidole kilichoanza kukunjika, na baka lenyewe alishalizoea.

Wapo watakaouliza kama ukoma bado upo. Upo. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani cha kuwa na mgonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000, na wengi waliosikia habari hiyo walielewa kwamba ugonjwa umekwisha. Kiwango hicho ni wastani wa nchi nzima, na wagonjwa wapya wanaendelea kugunduliwa kila mwaka. Vimelea vyake vinazaliana polepole mno. Tangu mtu aambukizwe hadi dalili zionekane hupita kwa wastani miaka 5, na wakati mwingine hufika 20. Mtu anaweza kuwa aliambukizwa utotoni huko Kilombero au Liwale, akahamia Temeke, akapanga chumba, akaoa, akapata watoto, ndipo baka la kwanza likatokea. Kwa hiyo usijihesabu salama kwa kuwa mtaani kwenu humjui mgonjwa hata mmoja.

Nitaeleza kwa mfano wa mama ntilie mmoja wa kubuni. Mambo yake yote ni yale yanayowapata wagonjwa wa kweli. Anauza chakula karibu na magereji ya Chang'ombe, ana miaka thelathini na kitu. Mgongoni mwa mkono wake wa kulia kuna baka la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji, rangi yake imefifia kidogo kuelekea shaba, ngozi yake ni kavu na vinyweleo vyake vimepungua. Duka la dawa walimuuzia krimu ya fangasi. Alipaka mwezi mzima, baka likabaki vilevile. Kwa kuwa halimwashi, akaacha. Mwaka wa pili akaanza kuhisi kidole chake cha mwisho kizito kizito. Jioni moja, akiosha vyombo, akaona lengelenge kubwa pembeni ya kidole kile. Alikuwa ameungua kwa sufuria ya ugali tangu mchana na hakuwa na habari.

Lengelenge lile linaeleza mengi. Vimelea vya ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, yaani ngozi na mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi. Mshipa wa fahamu unapoumia, kwa kawaida kinachotangulia kupotea ni uwezo wa kutambua joto na baridi, kisha mguso mwepesi, kisha maumivu. Ndiyo maana mpishi, mchomeleaji vyuma, fundi wa magari na mvuta sigara hugundua ganzi yao kwa kuungua. Na hapa kuna mambo mawili yanayotakiwa kutenganishwa. Baka lenyewe lina ganzi yake, kwa sababu vijishipa vidogo vilivyomo ndani yake vimeharibika. Lakini ganzi inayoshika kidole kizima, nusu ya kiganja au wayo wote, pahala pasipo na baka lolote, inatokana na mshipa mkubwa ulioumia mbali na hapo. Ganzi ya kidole cha mwisho na ubavu wa kidole cha pete hutoka kwenye mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, ule unaokushtua mwili ukigonga kiwiko mezani. Ganzi ya wayo hutoka kwenye mshipa unaopita nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu. Mama ntilie wetu alikuwa na aina zote mbili.

Kupima baka nyumbani kunawezekana, na hakuhitaji kifaa cha kununua. Chukua pamba safi kidogo, isokote nchani iwe nyembamba. Mwonyeshe unayempima, macho yake yakiwa wazi, utakachofanya: unagusa ngozi nzima mara moja, kwa wepesi, bila kuburuta. Kisha afumbe macho. Kila anapohisi kuguswa aonyeshe mahali hapo kwa kidole. Gusa ngozi nzima, gusa katikati ya baka, rudi kwenye ngozi nzima, na usifuate mpangilio anaoweza kuukisia. Akikosa kuhisi katikati ya baka huku akionyesha sawasawa kwingine, hilo si jambo la kusubiri. Usitumie sindano wala pini. Utamjeruhi bure na unaweza kumwambukiza mengine.

Kwa kiganja na wayo, ambako ngozi ni nene, pamba haitoshi. Tumia ncha ya kalamu ya wino, uiguse ngozi kwa wepesi kiasi cha kuibonyeza kidogo tu. Kiganjani, gusa ncha ya kidole gumba, ncha ya kidole cha mwisho na ubavu wa kiganja chini yake. Wayoni, gusa chini ya kidole gumba, chini ya vidole vingine na ubavu wa nje. Kisigino kinadanganya. Mtu aliyezoea kutembea peku au mwenye magaga anaweza asihisi kalamu kisiginoni na akawa mzima kabisa. Linganisha pia mkono na mkono, mguu na mguu.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kikionyesha ganzi, una sababu kubwa ya kwenda kwa mhudumu wa afya, lakini kikionyesha hisia zipo, usijihakikishie kuwa huna ukoma. Mabaka ya usoni mara nyingi hubaki na hisia, na wale wenye mabaka mengi wanaweza kuwa na baadhi yanayohisi vizuri. Wengine hawana baka, wana vinundu masikioni na usoni, au ngozi ya paji la uso imenenepa na nyusi zimenyonyoka upande wa nje. Kwa upande wa pili, si kila baka ni ukoma. Choa huwasha na kingo zake hubambuka magamba. Ngozi iliyogeuka kuwa nyeupe kabisa, nyeupe pe, huku ikihisi kila kitu, hiyo haielekei kuwa ukoma, kwa sababu baka la ukoma hufifia tu na halifiki weupe huo. Ganzi ya nyayo zote mbili kwa pamoja, bila baka, kwa mtu mwenye kisukari inaweza kuwa ni ya sukari. Hayo yote ayaamue aliyefunzwa.

Mama wetu alikwenda. Huduma ya ukoma ipo chini ya Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, na kila wilaya ina mratibu wake. Kwa mkazi wa Chang'ombe njia ni fupi: zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, aulizie kliniki ya kifua kikuu na ukoma. Uchunguzi mzuri unamtaka mgonjwa avue nguo, kwa faragha, penye mwanga wa kutosha. Yeye alikuwa anajua mabaka matatu. Yalipohesabiwa yalikuwa saba, mawili mgongoni na mawili matakoni, asikoweza kuyaona. Mhudumu akapapasa nyuma ya kiwiko cha kulia akakuta mshipa umenenepa kama kamba ya katani, na ukibonyezwa unauma. Akamwambia atanue kidole cha mwisho dhidi ya kidole chake, kikalegea. Usione haya kuomba haya yote yafanywe. Mhudumu akitazama baka la mkononi tu na kukuandikia krimu nyingine, mwambie wazi: "Baka hili halina hisia, naomba nipimwe ukoma."

Hesabu ya mabaka ina maana yake katika tiba. Mwenye baka 1 hadi 5, na mishipa yake ya fahamu ikiwa salama, kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Mwenye zaidi ya 5, au ambaye mshipa umeshaingiliwa, hutibiwa kwa miezi 12. Dawa ni mseto wa rifampisini, klofazimini na dapsoni, na hutolewa bure. Pakiti moja ni ya siku 28: dozi kubwa ya mwezi inamezwa mbele ya mhudumu, nyingine zinamezwa nyumbani kila siku. Mkojo utakuwa mwekundu siku ya dozi kubwa, na ngozi itakuwa nyeusi zaidi kwa miezi kadhaa. Yote mawili hupita na si sababu ya kuacha. Lakini upele wa mwili mzima unaowasha, macho ya manjano, au uchovu mkali wenye kuhema ni sababu ya kurudi kliniki siku hiyohiyo. Uambukizaji hukatika mapema sana baada ya kuanza dawa, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mtu sahani, kitanda wala choo. Wazee waliowahi kuona kambi za ukoma wanakumbuka watu waliotengwa na jamii zao. Wakati huo tiba hii haikuwepo.

Mama huyu alipata pia prednisoloni, kwa sababu uzito wa kidole chake ulikuwa na miezi minne. Ningetamani kila msomaji alishike jambo hili. Vimelea hufa kwa dawa mseto, lakini dawa hiyo hairudishi hisia zilizopotea. Kinachoweza kuurudisha mshipa wa fahamu ni kutuliza uvimbe uliomo ndani yake, na nafasi ya kufanikiwa ni kubwa pale ganzi au udhaifu ukiwa haujazidi miezi 6. Ukipita muda huo, mara nyingi kinachopotea kimepotea. Prednisoloni hutolewa kwa wiki nyingi, dozi ikishushwa polepole, chini ya uangalizi, kwa kuwa inaweza kupandisha sukari, kuumiza tumbo na kuamsha kifua kikuu. Usijinunulie dukani, na ukishaanza usiikatize ghafla. Kidole chake kilipata nguvu tena. Hisia zilirudi nusu tu. Basi akabaki na mkono unaofanya kazi usiojua kuungua, na kazi yake ni jikoni.

Watu wengi wanaamini ukoma unakula vidole. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole havidondoki kwa ugonjwa wenyewe. Vinafupishwa na majeraha: kuungua leo, kukatwa kesho, kidonda kinachoendelea kutumikishwa kwa kuwa hakiumi, usaha unaofika kwenye mfupa. Majeraha hayo yanazuilika, hata kwa mtu ambaye hisia zake hazitarudi.

Kwa mama ntilie, ulinzi ulianzia kwenye sufuria. Vipande vya boksi alivyokuwa akinyanyulia vilibadilishwa na vishikio vinene vya kitambaa vilivyokunjwa mara kadhaa, vikiwa vikavu, maana kitambaa kilicholowa hupitisha joto upesi. Mwiko ukawa wa mti na wenye mpini mrefu. Upawa wa chuma ulifungwa kitambaa kwenye mpini. Maji ya moto anayapima kwa mkono wa kushoto ambao una hisia. Mwenye ganzi mikono yote miwili ampe mtu mwingine apime. Chai hainywi tena kwa kikombe cha bati. Kisu kina mpini mpana, kwa sababu asiyehisi hukaza mkono kupita kiasi, na mpini mwembamba humtoa lengelenge bila yeye kujua. Haya ya kukaza yanawahusu pia mafundi seremala wa Keko na wenye nyundo magerejini: zungushia mpini kitambaa au mpira, pumzika kila baada ya muda, badilisha mkono, na utazame kiganja kabla ya kuendelea.

Ngozi iliyopoteza hisia mara nyingi haitoi jasho pia, hivyo inakauka na kupasuka, na nyufa ndizo njia za vijidudu. Tiba yake ni maji na mafuta. Kila siku, jioni ndiyo rahisi, loweka mikono au miguu kwenye beseni la maji safi yasiyo ya moto kwa dakika 20 hadi 30. Huhitaji chumvi wala dawa. Sugua sugu na magaga taratibu kwa jiwe la kusugulia, usikate kwa wembe. Futa maji yanayochuruzika tu, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya nazi, ya alizeti au ya mgando ili maji yabaki ndani. Mafuta yakipakwa kwenye ngozi iliyokauka hayasaidii sana, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Kama una kidonda kirefu au kinachotoa usaha, usiloweke kabla hujakionyesha kliniki.

Baada ya kuloweka, kagua. Kaa penye mwanga, tumia kioo kidogo kutazama wayo, au mpe mtoto anayeona vizuri akutazamie, tazama na katikati ya vidole. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Papasa kwa mgongo wa mkono wenye hisia: sehemu iliyo na joto kuliko zilizo jirani yake, au iliyovimba, au inayong'aa, ni sehemu inayoumia chini kwa chini ingawa juu haijapasuka. Mguu wa namna hiyo unahitaji kupumzishwa siku hiyo na kesho yake, hadi joto lishuke. Ukiuacha uendelee kutembea utafunguka kidonda.

Mguu usio na hisia haufai kwenda peku hata kufika bombani. Kandambili nazo si kiatu chake. Ule mkanda wa kati ya vidole hukwaruza, na asiyehisi hajui kama imemtoka njiani. Kinachofaa ni sandali yenye mkanda nyuma ya kisigino, iliyo laini ndani na ngumu chini, kiasi kwamba kipande cha chupa hakipenyi. Katambuga lina uzuri wa soli ngumu, tatizo lake ni misumari inayochomoza ndani likishachakaa. Mwombe fundi viatu ashone au agundishe, asipige msumari, na aweke ndani sponji nzito ya viatu ya karibu sentimita 1. Kiatu kipya kivae muda mfupi siku ya kwanza, uvue, upapase joto, uongeze muda siku inayofuata. Kikung'ute kabla ya kuvaa. Watu wamewahi kutembea kutwa nzima na kokoto au msumari ndani ya kiatu.

Na usiku kuna panya. Panya hutafuna vidole vya mtu asiyehisi akiwa usingizini, hasa vikiwa na harufu ya chakula. Kwa mpishi, nawa kwa sabuni kabla ya kulala, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na tega panya.

Kidonda kikitokea, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, pumzisha. Kidonda cha wayo cha mtu asiye na hisia kinapona kwa kutokanyagiwa. Nimeona watu wakimaliza dozi baada ya dozi ya vidonge vya kuua vijidudu huku wakitembea kila siku kwenda sokoni, na kidonda hakifungi. Magongo ya kutembelea kwa wiki chache yanasaidia kuliko dozi ya tatu. Kikianza kunuka, mguu ukivimba na kupata joto, au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana usaha unaweza kuwa umeelekea kwenye mfupa.

Bado kuna jambo linalowachanganya wagonjwa wengi. Wakati wa matibabu, au hata baada ya kumaliza, mabaka yanaweza kuvimba ghafla na kupata joto, mshipa ukauma, vinundu vyenye maumivu vikatokea pamoja na homa, jicho likawa jekundu, au mkono ukalegea ndani ya siku chache. Huo ni mwili unaopambana na mabaki ya vimelea. Haimaanishi kwamba dawa imekudhuru wala kwamba ugonjwa umerudi. Usiache dawa mseto. Rudi kliniki mara moja, kwa sababu katika siku hizo ndipo mishipa mingi ya fahamu hupotea, na ndipo prednisoloni inapookoa.

Mgonjwa akishagunduliwa, kazi inahamia kwa wa nyumbani kwake. Ukoma huenea kwa njia ya hewa, kutoka puani na mdomoni kwa mtu ambaye hajatibiwa, kwa wanaoishi naye karibu kwa muda mrefu, ingawa walio wengi mno wana kinga ya asili na hawatauugua. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba waliokaa karibu na mgonjwa, wenye umri wa miaka 2 na zaidi, wakishachunguzwa na kuonekana hawana ukoma wala kifua kikuu, wapewe dozi moja ya rifampisini ya kupunguza uwezekano wa kuugua. Kwa hiyo unapokwenda kuchukua pakiti yako ya kwanza, nenda na mumeo au mkeo, watoto na mnaoshirikiana nao chumba, wavuliwe nguo na kukaguliwa mwili mzima, na uulizie dozi hiyo. Asiyekutwa na kitu akaguliwe tena mwakani.